Nywele zikiwa mbichi zinapendeza, zikikauka zinatimka. Kosa ni difyuza, hewa au ni mimi?

Kichwa_Kizito:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada maana nimechoka. Nywele zangu ni za kujikunja, siyo kipilipili kabisa na siyo mawimbi, ziko hapo kati, msokoto mmoja unene wake kama penseli, na ni nyingi mno. Nikiwa bado bafuni zimeloa chapachapa, nishapaka kondishena ya kuacha na jeli, nikijiangalia kwenye kioo mwenyewe najikubali, mafungu yamekaa yananing'inia yanang'aa. Sa ngoja zianze kukauka. Utosini na pembeni kwa juu zinatimka kama nimepigwa shoti, ila cha ajabu ukifunua kwa ndani kule chini misokoto iko safiii kama nilivyoiacha.

Ninavyofanya ni hivi, nikishapaka jeli nazifuta na taulo zisidondoke maji mgongoni, halafu draya yenye difyuza, moto wa juu na spidi ya mwisho ili nimalize haraka, nazungusha zungusha kichwa chote. Nikiziacha na hewa zinakula masaa sita mpaka saba na mara nyingi naishia kulala nazo mbichi, asubuhi upande mmoja umelala kama mkeka. Nishabadilisha jeli mara tatu. Nibadilishe tena?

Hewa_Tu:
Dada hiyo draya itupe. Mi nywele zangu hazijaona moto miaka minne sasa na zinajikunja vizuri tu. Moto unakausha unywele mpaka ndani, magamba yanafunguka, ndo kutimka kwenyewe huko. Zipake, ziache, endelea na shughuli zako. Huna haja ya jeli mpya wala nini.

Mzee_wa_Marashi:
Sijaelewa, difyuza inakaushaje nywele? Mimi ninayo sebuleni inatoa mvuke wenye harufu ya mchaichai, ukikaa karibu nayo ndo unazidi kuloa. Labda uisogeze mbali kidogo wakati unachana.

Kichwa_Kizito:
Hahaha mzee wangu siyo hiyo. Hii ni lile bakuli la plastiki lenye vitundu na vidole vidole linachomekwa kwenye mdomo wa draya, linausambaza upepo usije wote sehemu moja.

Mzee_wa_Marashi:
Aaah. Basi nimekaa kimya.

Saluni_ya_Nyuma:
Mdogo wangu Kichwa_Kizito, kabla hujanunua kopo la nne la jeli soma tena ulichoandika mwenyewe. Kwa ndani ziko safi, kwa juu zimetimka. Kichwa ni kimoja, maji yale yale, jeli ile ile, zimepakwa dakika ile ile. Jeli ingekuwa mbovu zingetimka zote. Sa jiulize za juu zimekutana na kitu gani ambacho za ndani hazikukutana nacho? Taulo. Na upepo wa spidi ya mwisho. Za ndani zilijificha.

Fanya kitu kimoja ukiosha tena, kabla hujagusa taulo shika fungu moja la juu, litazame kwa karibu. Utaona nywele labda mia zimeshikana zinakwenda pamoja kama kamba moja, na juu yake kuna utelezi wa jeli. Halafu lisugue na taulo vile unavyosugua siku zote, mara tatu tu. Litazame tena. Kamba imekuwa nyuzi, kila unywele unakwenda njia yake, na ule utelezi umebaki kwenye taulo. Hapo hata draya hujawasha.

Halafu kuna hili watu hawalijui. Unywele ukiloa unalegea, vile vishikizo vidogo vya ndani vinavyoupa umbo vinaachia, na ukikauka vinashikana tena palepale unywele ulipo. Ukikauka ukiwa ndani ya fungu unabaki fungu, ukikauka ukiwa umepeperuka peke yake utabaki hivyo hivyo mpaka uuloweshe tena. Ndo maana kutimka kukishakauka hakusawazishwi kwa kupapasa papasa, unazidi kuharibu.

Mi saluni nafanya hivi. Mteja anainama, nazikamua na viganja tu kutoka chini kwenda juu mpaka zisidondoke. Halafu tishati kuukuu ya pamba, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini, naiweka kiganjani, naweka fungu juu yake, naminya nalisukuma kuelekea kichwani, naachia. Sivuti kwenda chini, sisugui. Maji yakiwa mengi sana natandaza tishati, anashusha nywele katikati, nafunga mikono ya tishati nyuma ya shingo, dakika kumi, zisizidi kumi na tano. Ukiacha nusu saa zinaanza kukauka zikiwa zimebonyezwa, unafungua unakuta utosi umekaa kama kofia.

Draya naiweka joto la chini au la kati, spidi ya chini. Na mwanzoni SIWEKI nywele ndani ya bakuli. Nazunguka kichwa kwa mbali, kama urefu wa kiganja hivi, mpaka za juu zinapata ganda, ukigusa kwa ncha ya kidole unasikia kama karatasi. Baada ya hapo ndo bakuli, na hapa wengi wanakosea. Nazima draya, naweka mafungu ndani ya bakuli, nasogeza mpaka karibu na ngozi ya kichwa, nawasha, natulia hapo bila kuzungusha kama nusu dakika hadi dakika, nazima, nashusha, nahamia sehemu nyingine. Kazi ya kuzima na kuwasha inachosha kidole, najua, ila ukihama huku inapuliza unayasambaratisha yale yale uliyoyajenga.

Babake_Wawili:
Nimekuja mbio maana yangu ni ya binti yangu, ana miaka sita, nywele za kujikunja zimefika mgongoni. Mama yake yuko safarini wiki tatu, mi ndo naosha. Mtoto akisikia draya anakimbia anajifungia chumbani. Nikimfuta na taulo analia, nisipomfuta analowesha kochi lote. Nifanyeje?

Saluni_ya_Nyuma:
Babake, yeye mfungie tishati dakika kumi na tano huku umemwekea katuni, halafu mwache na hewa. Muoshe mchana, usimuoshe usiku. Draya ya nini kwa mtoto wa miaka sita. Ila akitoka kwenye tishati usimchane tena, kuchana kumalizwe zikiwa bado na kondishena bafuni.

Babake_Wawili:
Kumbe! Mi nilikuwa namchana zikianza kukauka nikidhani ndo zinakuwa rahisi.

Saluni_ya_Nyuma:
Hapo ndo pabaya kuliko pote, nusu mbichi nusu kavu. Jeli inataka kushika we unaibomoa.

Hewa_Tu:
Sawa taulo nakubali, hata mi situmii. Ila kwenye moto bado sijakubali. Mnamfundisha mtu kuzima na kuwasha draya dakika arobaini wakati hewa ni bure na haiunguzi.

Mchambuzi_Mpole:
Hewa_Tu uko sahihi nusu. Moto mkali kwenye unywele mbichi ni balaa kweli, maji yaliyomo ndani yanachemka yanageuka mvuke, yanaacha mapovu ndani ya unywele na pale pale unakatikia. Ila hiyo ni hasa kwa pasi ya nywele, au draya iliyobandikwa sehemu moja karibu kabisa.

Kuna utafiti wa Korea wa mwaka 2011 walichukua vishada vya nywele, wakaviosha na kuvikausha tena na tena, vingine kwa hewa, vingine kwa draya umbali tofauti. Draya ya sentimita 5, joto karibu nyuzi 95, ilichakaza magamba ya nje vibaya zaidi. Ila vile vilivyoachwa vikauke vyenyewe ndo vilionyesha madhara kwenye ile gundi inayoshikanisha seli za unywele, wakahisi ni kwa sababu unywele ulikaa umevimba na maji muda mrefu. Wenyewe wakasema draya ikishikwa sentimita 15 na isitulie sehemu moja ina nafuu kuliko hewa.

Sasa msinishambulie. Ule ulikuwa upepo wa draya bila bakuli, vishada siyo kichwa cha mtu, na mazoea ya nywele za kujikunja hayakuwemo. Siwezi kusema umethibitisha kitu kwa Kichwa_Kizito. Nasema tu hewa nayo siyo bure kama unavyodhani, hasa kwa mtu wa masaa saba.

Hewa_Tu:
Zangu zinakauka saa moja na nusu lakini.

Mchambuzi_Mpole:
Eeh sa si ungesema mapema ndugu yangu 😂 zako chache na nyembamba, mwenzio ana msitu.

Hewa_Tu:
Nyembamba ndiyo. Chache sijui umezihesabu wapi.

Kichwa_Kizito:
Wadau nimerudi. Nilifanya jaribio, maana Saluni_ya_Nyuma kanitia aibu na hiyo ya ndani safi nje zimetimka, nimekaa nalo wiki nzima. Nikagawa kichwa katikati. Kushoto nikasugua na taulo kama kawaida yangu, kulia nikaminya na tishati. Vingine vyote sawa, jeli kiasi kile kile, draya joto la chini spidi ya chini pande zote.

Lile fungu nililitazama kama ulivyosema. Ni kweli bwana, mara ya pili tu ya taulo likapasuka, na taulo ukiligusa linateleza, yaani jeli yangu nilikuwa naipaka taulo miaka yote hii.

Zilipokauka kulia kumetulia, siyo asilimia mia ila ukinitazama kutoka upande huo ungesema nimetoka saluni. Kushoto ni kichaka. Nikaenda hivyo hivyo kazini, mwenzangu kaniuliza kama nimelala garini.

Ila nina mawili. Moja, draya ilijizima yenyewe katikati ya kazi, ikakaa kama dakika kumi ndo ikakubali tena, na kulikuwa na harufu ya kuungua ungua. Pili, utosini pale katikati kabisa bado kunatimka hata upande wa tishati. Kidogo ila kupo.

Saluni_ya_Nyuma:
Draya anza nayo hiyo kabla haijakuunguza. Difyuza inazuia upepo kutoka, na ukiibana kwenye nywele nyingi vitundu vinazibwa, joto linarudi nyuma ndani ya draya. Ndani kuna kidude kinachokata umeme joto likizidi, ndo hicho kimekuokoa. Chomoa kwenye umeme, iache ipoe, geuza nyuma pale inapovutia hewa. Kuna wavu. Niambie unaona nini.

Kichwa_Kizito:
Uwiii. Kuna kama blanketi. Nyuzi za taulo, vumbi, nywele zangu mwenyewe.

Saluni_ya_Nyuma:
Eheee. Toa hilo kwa mswaki mkavu. Kama ukishasafisha bado inanuka kuungua, usiitumie tena hiyo. Na unapoweka nywele kwenye bakuli usijaze kichwa kizima, chukua kiasi kinachoacha vitundu vingine wazi upepo utoke.

Fundi_Waya:
Sijui nywele ila draya najua. Na hakikisheni hilo bakuli linakaa vizuri kwenye mdomo wa draya, yale ya kufiti kila mashine yenye mpira ukiwa mdogo yanaubana mdomo, yakiwa makubwa yanadondoka. Nimeletewa draya kadhaa zimeyeyuka mdomo, zote zilikuwa na bakuli lililolazimishwa. Na msizitumie zikiwa zimelowa au umesimama kwenye maji, hilo sirudii.

Kichwa_Kizito:
Ripoti ya pili. Safari hii tishati pande zote mbili. Kushoto hewa, kulia difyuza kama nilivyoelekezwa, kuzunguka kwa mbali kwanza halafu bakuli la kuzima na kuwasha, wavu nimesafisha na haijajizima tena.

Difyuza imekula dakika 35, nikaacha zikiwa na unyevu kidogo, zikamalizikia na hewa kama dakika 50. Kushoto hewa tupu, masaa matano na dakika arobaini na shingoni bado nilikuwa nasikia ubaridi.

Matokeo hata sijui niseme lipi limeshinda. Kushoto misokoto imenyooka zaidi, mirefu, imetulia sana, ila juu kumebapa nywele zimelala kwenye ngozi. Kulia kumejaa, kumesimama kwenye mizizi, misokoto mifupi kama imepanda vidole viwili. Nikisimama mbele ya kioo nina vichwa viwili. Hiyo ya kupanda ni kawaida?

Saluni_ya_Nyuma:
Kawaida kabisa. Kushoto maji yamezivuta chini masaa matano zikakauka zikiwa zimevutwa. Kulia ulizibeba juu kwenye bakuli zikakauka zikiwa zimejikunja hapo. Ukitaka urefu kidogo na mizizi isilale, difyuza ielekeze kwenye mizizi tu bila kubeba ncha, ncha ziache zining'inie zikauke na hewa. Au ukiwa unaacha hewa, weka vibanio vidogo viwili vitatu kwenye mizizi utosini viinue, ukavitoe zikishakauka.

Ulijuaje kwamba zimebaki na unyevu kidogo tu? Nauliza kwa sababu nywele zenye joto la draya zinadanganya, unagusa unasema zimekauka kumbe ni moto tu.

Kichwa_Kizito:
Niligusa na mkono nikaona tayari.

Saluni_ya_Nyuma:
Siku nyingine bonyeza kile kitufe cha hewa baridi dakika moja, halafu ingiza mgongo wa mkono ndani karibu na ngozi, nyuma ya masikio na kisogoni. Ukisikia ubaridi na uzito, bado mbichi. Pale kisogoni ndo pa mwisho siku zote. Na ganda la jeli usilivunje mpaka huo ubaridi uishe kabisa kote. Likishakauka kweli paka matone mawili ya mafuta viganjani, sugua viganja vyako (siyo nywele!), minya kutoka ncha kwenda juu mpaka zile sauti za kukatika kama karatasi ziishe. Ukivunja mapema unatimka papo hapo na hakuna dawa ya siku hiyo.

Maua_ya_Saa_Nne:
Nachomekea swali langu hapa samahani. Mi nafanya yote hayo tishati, difyuza, spidi ndogo, nikitoka nje siku yenye unyevunyevu nusu saa tu zimevimba. Nasikia ni glisarini kwenye jeli?

Mchambuzi_Mpole:
Inaweza. Glisarini inavuta maji, hewa ikiwa na unyevu mwingi inayavuta yaingie kwenye unywele, unavimba. Wengine wakibadilisha kwenda jeli isiyo na glisarini juu juu kwenye orodha wanapona, wengine hawaoni tofauti yoyote.

Saluni_ya_Nyuma:
Mi wateja wangu wengi glisarini haiwasumbui, shida yao ni kutoka nje hazijakauka kisogoni. Jaribu hiyo kwanza.

Maua_ya_Saa_Nne:
Nilijaribu. Bado.

Mchambuzi_Mpole:
Basi badilisha jeli moja tu uone, usibadilishe na kondishena siku hiyo hiyo maana hutajua kipi kimefanya kazi.

Kichwa_Kizito:
Na utosi wangu jamani msinisahau. Taulo nimeacha, spidi nimeshusha, bado vinywele vimesimama pale juu kama antena.

Saluni_ya_Nyuma:
Vuta kimoja ukiweke juu ya karatasi nyeupe mwangani. Kina urefu gani, na ncha yake iko vipi? Ikiwa imechongoka inakwenda ikipungua kama ncha ya unyasi, huo ni unywele mpya unaota, hamna difyuza itakayoulaza, subiri urefuke. Ikiwa butu kama imekatwa au imechanika, huo umekatika.

Kichwa_Kizito:
Nimevuta vitatu. Viwili vimechongoka, kimoja butu kimechanika mara mbili. Urefu kama kidole cha shahada.

Hewa_Tu:
Hicho butu ni draya.

Saluni_ya_Nyuma:
Au taulo la miaka yote. Au anabana kibanio palepale utosini kila siku akienda kazini. Unabana?

Kichwa_Kizito:
Nabana 🙈 kila siku, zikiwa bado na unyevu, ili zisinitimkie njiani.

Babake_Wawili:
Samahani kuingilia, katuni imefanya kazi ila kaniambia anataka ile tishati yangu ya mpira ndo iwe ya nywele zake, hii nyingine hataki. Ya mpira ni ya ule utelezi wa jezi, nayo inafaa au mpaka pamba?

Saluni_ya_Nyuma:
Haikwaruzi ila hainywi maji, utaishia na kochi lile lile limelowa. Tafuta ya pamba umchoree namba ya mgongoni.